Upara wa Utosini: Anachotafuta Daktari wa Ngozi Kichwani, na Jinsi ya Kujiandaa kwa Kliniki

Nywele zikianza kupungua utosini, wakazi wengi huanzia saluni au duka la dawa. Hubadilishwa mafuta, hupewa krimu ya kuua ukungu, huambiwa wanywe vidonge vya vitamini. Wanapofika kliniki ya ngozi, miaka miwili au mitatu imekwisha kupita. Kwa aina fulani za upara kuchelewa huko hakuna madhara makubwa. Kwa nyingine, kila mwezi unaopita hupunguza nywele ambazo zingeweza kuokolewa.

Tofauti iko kwenye tundu la unywele. Kila unywele hutoka katika tundu dogo lililozama ndani ya ngozi. Ikiwa unywele umekatika au umedondoka lakini tundu lake bado li hai, upo uwezekano wa unywele mwingine kuota. Ikiwa tundu limeshambuliwa hadi likazibwa na kovu, hakuna mafuta wala dawa itakayootesha unywele mahali hapo. Karibu kila kitu anachofanya mtaalamu siku ya kliniki, yaani kumulika kwa lenzi, kuchagua mahali pa kukata na kupeleka kipande maabara, kinalenga kujibu swali moja: matundu bado yapo, au yanafungwa?

Kumulika kichwa kwa dematoskopu

Dematoskopu ni kifaa kidogo cha mkononi chenye lenzi na taa. Hukuza ngozi takriban mara 10. Vipo pia vinavyounganishwa na kompyuta, ambavyo hukuza zaidi na kuonyesha picha kwenye skrini. Kazi hii haina sindano wala maumivu. Daktari hugawa nywele kwa kitana, huweka lenzi juu ya ngozi, na wakati mwingine hupaka kwanza jeli au spiriti kidogo ili mwanga usirudi machoni. Huchukua dakika 10 hadi 15, kwa sababu hapigi jicho pale penye upara tu. Huangalia pia kingo za upara, sehemu zenye nywele nzuri, mstari wa paji la uso, nyusi, na mara nyingi kucha.

Kwenye ngozi nyeusi, kichwa chenye afya huonekana kama sega la nyuki la rangi ya kahawia, na ndani yake vidoti vidogo vyeupe vilivyopangika kwa mpangilio mmoja. Vidoti hivyo si ugonjwa. Ni midomo ya matundu ya nywele na ya vitundu vya jasho. Kinachomshtua mtaalamu ni mpangilio kuvurugika: sega limefifia, vidoti vimepotea, na mahali pake pametokea mabaka meupe yasiyo na umbo maalumu. Hayo ni makovu.

Lenzi hutenganisha pia magonjwa ambayo kwa macho matupu yanafanana. Mtoto wa shule mwenye mapunye huonyesha nywele zilizovunjika karibu na ngozi, zikiwa zimejikunja kama alama ya mkato au kama parafujo. Huyo kwa kawaida hahitaji kukatwa ngozi. Hukwanguliwa magamba na nywele chache kwa ajili ya maabara, kisha hupewa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kuwa krimu pekee haifiki ndani ya unywele. Aliyeng'oka nywele pembeni mwa paji kwa sababu ya kusukwa kwa kukazwa huonyesha vimirija vyeupe vinavyozunguka nywele na kuteleza vikisukumwa. Vimirija hivyo ni ishara kwamba nywele bado zinavutwa hadi leo, hata kama mwenyewe anasema aliacha kukaza.

Ugonjwa unaohitaji haraka zaidi kwa wanawake wenye asili ya Kiafrika ni upara wa kovu unaoanzia utosini na kupanuka kwa mviringo kuelekea nje. Kwenye fomu za hospitali hufupishwa CCCA. Alama yake kubwa chini ya lenzi ni duara jeupe au la kijivu, lenye ukungu, linalouzunguka unywele pale unapotokea. Duara hilo huonyesha kwamba kovu limeanza kujijenga kuzunguka tundu ilhali unywele wenyewe bado umesimama. Kwa hiyo ndilo linalomwonyesha daktari mahali ambapo vita bado vinaendelea.

Mfano wa mgonjwa mmoja

Tuseme mama wa miaka 43, muuzaji wa mitumba, ana upara utosini wenye upana wa takriban sentimita 6. Ulianza miaka mitatu iliyopita kwa kuwashwa, na kwa uchungu kila aliposuka. Kisha nywele za utosini zikawa zinakatika na kubaki fupi kuliko nyingine. Alitumia krimu ya mapunye kwa miezi miwili bila mabadiliko. Hajawahi kutoka usaha.

Siku ya kwanza alifika kliniki akiwa na rasta mpya na kichwa kimepakwa mafuta mazito. Daktari hakuweza kuona ngozi ila vijia vya kugawia nywele, na mng'ao wa mafuta ulificha hata hivyo vijia. Aliombwa arudi baada ya wiki mbili akiwa amefumua na kuosha.

Aliporudi, lenzi ilionyesha mambo matatu. Katikati ya upara matundu mengi hayakuwepo, na mabaka meupe yalikuwa yametapakaa. Kwenye kingo, nywele kadhaa zilikuwa na lile duara jeupe, na mahali pengine nywele mbili zilitoka katika tundu moja. Kwenye mstari wa paji hapakuwa na vimirija vyeupe, kwa hiyo kukazwa kwa rasta peke yake hakukueleza upara huo. Daktari alitia alama kwa kalamu mahali pawili kwenye ukingo, na akamweleza kuhusu kukata kipande.

"Daktari, mbona hukati pale penye upara wenyewe?" mama aliuliza.

"Pale katikati moto umeshazima, mama. Nikikata hapo, maabara wataona kovu tu, na hawataniambia limeletwa na nini. Nakata hapa pembeni ambapo bado kunawaka."

Jibu hilo ni muhimu kwa kila mgonjwa. Kipande kilichokatwa katikati ya upara laini ni kosa la kawaida, na hurudisha majibu yasemayo "kovu la zamani, chanzo hakijulikani". Mgonjwa amekatwa na amelipa, lakini hakuna uamuzi wa tiba unaoweza kufanywa. Mahali pafaapo ni ukingoni, penye nywele ambazo bado zimesimama na penye dalili chini ya lenzi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, kabla ya sindano, ni wapi hasa patakatwa na kwa nini.

Jinsi biopsi inavyofanywa

Biopsi ya kichwa hufanywa mgonjwa akiwa macho, akiwa amekaa au amelala, na hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nywele za mahali palipotiwa alama hukatwa kwa mkasi zibaki fupi. Hazinyolewi kabisa, kwa sababu visiki vyake humwonyesha daktari nywele zimeelekea wapi ndani ya ngozi. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja hata chini ya ngozi, na kifaa kikiingia kinyume cha mwelekeo huo, tundu hukatwa vipande na sampuli huharibika.

Kisha hudungwa sindano ya ganzi, kwa kawaida lignokaini iliyochanganywa na adrenalini. Sindano hiyo huuma na kuchoma kwa sekunde kadhaa, na ndiyo sehemu yenye maumivu kuliko zote. Daktari husubiri dakika 10 au zaidi kabla ya kukata. Ganzi yenyewe hushika upesi, lakini adrenalini huhitaji muda kubana mishipa, na ngozi ya kichwa ina damu nyingi. Kusubiri huko si uzembe.

Kikatio ni kama kalamu yenye ncha ya mviringo wa milimita 4, karibu ukubwa wa punje ya pilipili manga. Huzungushwa hadi kifike kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, kwa kuwa mashina ya nywele yako huko. Kipande kifupi kisichofika kwenye mafuta hukosa nusu ya habari. Mara nyingi hutolewa vipande viwili, kwa sababu maabara hukata kimoja kwa wima na kingine kwa ulalo. Kilichokatwa kwa ulalo huonyesha matundu yote ya eneo hilo kwa pamoja, hivyo yanaweza kuhesabiwa. Kilichokatwa kwa wima huonyesha ngozi kuanzia juu hadi chini. Kila jeraha hufungwa kwa uzi mmoja au miwili.

Vipande hutiwa katika chupa yenye fomalini na kuandikwa jina la mgonjwa, tarehe na mahali vilipotolewa. Hapo mgonjwa anaweza kusaidia: asome jina lake kwenye chupa kabla ya kuondoka. Ikiwa daktari anashuku lupasi, anaweza kuchukua kipande kingine kinachowekwa katika maji tofauti, kwa kuwa fomalini huharibu kipimo hicho.

Maabara huona nini

Katika mfano wetu, majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Yalisema matundu 11 yalihesabiwa katika kipande cha ulalo. Nambari hiyo ina maana ikilinganishwa na kipimo sahihi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kipande cha milimita 4 kutoka kichwa chenye afya cha mtu mweusi huwa na matundu kama 21, na cha mtu mweupe kama 35. Anayesoma kichwa cha Mwafrika kwa kipimo cha Mzungu anaweza kumwambia mtu mzima wa afya kwamba nywele zake zimepungua. Kwa mama huyu, 11 ni pungufu kweli.

Majibu yalieleza pia kuwa seli nyeupe za aina ya limfosaiti zilizunguka sehemu ya juu ya matundu, kwamba ala ya ndani inayoshika unywele ilikuwa imebomoka mapema kuliko inavyotakiwa, na kwamba nyuzi za kovu zilijipanga kama pete kuzunguka tundu. Rangi maalumu ya kutafuta ukungu haikuonyesha kitu. Hilo lilieleza kwa nini krimu ya mapunye haikufaa.

Maabara peke yake haiwezi kutoa hukumu. Mabadiliko yanayofanana huonekana katika zaidi ya ugonjwa mmoja, ndiyo maana daktari huandika kwenye fomu alichokiona kwa lenzi, upara ulianzia wapi, na dawa zilizotumika. Fomu iliyoandikwa "upara" tu humfunga macho mtaalamu wa patholojia. Majibu yakitofautiana na yaliyoonekana kichwani, daktari anaweza kuomba kipande kingine, na hilo halina maana kwamba cha kwanza kilipotea.

Kwa mama huyu, lenzi na maabara vilikubaliana kuwa ni CCCA. Alianzishiwa doksisaiklini ya kumeza kwa miezi michache, mafuta yenye steroidi, na sindano za steroidi ukingoni mwa upara kila baada ya wiki kadhaa. Lengo lake alielezwa wazi: kuzuia upara usipanuke na kuokoa matundu ya ukingoni. Katikati hapatarajiwi kuota. Hupigwa picha mahali pale pale kila baada ya miezi mitatu au minne, kwani upara uliosimama ndio mafanikio.

Alielezwa pia asijilaumu. Mwaka 2019 watafiti walipata kasoro katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na umbo la unywele, kwa takriban robo ya wanawake wenye ugonjwa huu waliochunguzwa. Dawa za kunyoosha nywele, joto na kukazwa vinaweza kuchochea, lakini si chanzo pekee. Dada na binti wa mgonjwa wanaowashwa au kuumwa utosini wanafaa kuchunguzwa mapema.

Kujiandaa kabla ya siku ya kliniki

Nywele. Mgonjwa afumue rasta, nywele za kushonea au wigi ya gundi siku mbili au tatu mapema, ili wekundu unaoletwa na kuvutwa upungue. Asitie dawa ya kunyoosha, rangi wala hina katika wiki mbili za mwisho. Rangi hutia doa ngozi na kuficha sega na vidoti.

Kuosha. Aoshe kwa shampuu ya kawaida siku moja au mbili kabla. Baada ya hapo asipake mafuta, jeli wala poda ya kuficha upara. Chembe za poda na vumbi zikishika kwenye matundu huonekana chini ya lenzi kama vidoti vyeusi, na daktari anaweza kuzidhania nywele zilizovunjika. Asisugue magamba hadi yaishe, kwani magamba nayo ni ushahidi. Asubuhi ya kliniki asichane kwa nguvu, kwa sababu daktari huvuta nywele kidogo kuona ngapi zinang'oka.

Kunyoa. Mwanamume au mtoto asinyolewe upara kabla ya kuja. Pasipo nywele, hakuna kinachoonekana kwenye ukingo.

Dawa. Aje na dawa zote anazotumia au makasha yake, zikiwemo za kienyeji na zile za saluni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wofarini, klopidogreli au aspirini aseme mapema, lakini asiache mwenyewe. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kiharusi, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ya damu ya kidonda kidogo. Aliyepakwa au kudungwa steroidi kichwani hivi karibuni aseme pia, maana inaweza kufifisha dalili. Dawa za kuua ukungu nazo zinaweza kufanya kipimo cha mapunye kionyeshe hamna kitu.

Afya. Amweleze daktari ikiwa ni mjamzito au ananyonyesha, ikiwa aliwahi kudhurika na ganzi hata ya meno, ikiwa ana kifaa cha moyo, au ikiwa vidonda vyake hugeuka makovu ya kuvimba. Si lazima kufunga. Ni afadhali ale, kwa kuwa mwenye njaa huzirai upesi akiona damu.

Ushahidi wa nyumbani. Picha za miaka ya nyuma zinazoonyesha utosi au mstari wa paji husaidia kujua upara umekwenda kwa kasi gani. Aandike pia ulianza lini, ulianzia wapi, na kama kuna kuwashwa, kuchomeka au uchungu.

Karatasi na malipo. Abebe barua ya rufaa, kitambulisho na nambari yake ya SHA. Vipande vinaweza kupelekwa maabara ya hospitali nyingine. Kwa hiyo aulize kabla ya kukatwa gharama ya maabara ni kiasi gani, ni sehemu gani inalipiwa, na majibu yatachukuliwa wapi. Mwanamke anayejifunika kichwa anaweza kuomba ahudumiwe faraghani au na mhudumu wa kike. Kitambaa safi kisichobana kitamfaa wakati wa kurudi nyumbani.

Baada ya kukatwa

Ganzi huisha baada ya saa chache, na panadol kwa kawaida hutosha. Kidonda kisilowe kwa siku ya kwanza hadi ya pili. Baada ya hapo kichwa kinaweza kuoshwa polepole na kidonda kipakwe vaselini safi. Damu ikitoka, mgonjwa abane kwa kitambaa safi dakika 15 mfululizo bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, aende kituo cha afya kilicho karibu. Uvimbe unaoongezeka, usaha, homa au maumivu yanayozidi siku ya tatu ni dalili za maambukizi.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 14, kama daktari atakavyosema, na kazi hiyo inaweza kufanywa katika zahanati ya kijijini. Kabla ya hapo asisuke, asivae wigi ya gundi, na asikae chini ya draya. Kitabaki kidoti kisicho na nywele, upana wa milimita chache, ambacho nywele za jirani hufunika.

Mkazi mwenye kuwashwa, kuchomeka au uchungu utosini pamoja na nywele zinazokatika hahitaji kusubiri upara uonekane. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu na aombe rufaa ya kliniki ya ngozi, kwa daktari bingwa au afisa wa kliniki aliyesomea magonjwa ya ngozi. Baada ya majibu kutoka, aulize mambo mawili: je, ni upara wa kovu au la, na ukingo wake utapimwa tena lini.